Semina ya lazima, watu nusu: kutafuta kosa ndani ya ujumbe wako

Ujumbe wenyewe ulikuwa huu. Niliuandika mimi, Jumanne asubuhi, kikombe cha chai mkono mmoja na simu mkono wa pili:

> Jamani habari za asubuhi. Tukumbushane ile semina ya huduma ya kwanza Alhamisi saa 2 pale ukumbini. Ni ya saa nne tu. Ni muhimu sana, tusikose tafadhali. Mje na vifaa. Asanteni 🙏

Wakati huo nilikuwa nashughulikia masuala ya wafanyakazi kwenye ghala moja upande wa Chang'ombe, Dar es Salaam. Waliotakiwa kuhudhuria walikuwa 38, wa zamu ya mchana na ya usiku. Saa mbili asubuhi ya Alhamisi walikuwapo 15. Wengine walifika kwa mafungu, wawili wakatokea saa nane mchana mkufunzi ameshafunga mabegi yake, na waliobaki hawakuonekana kabisa. Semina ikarudiwa, na mkufunzi akalipwa mara ya pili.

Lawama ya kwanza niliwatupia wafanyakazi. Nilipoanza kumuuliza mmoja mmoja kilichomkwamisha, kila jibu lilinirudisha kwenye neno fulani la ule ujumbe wangu. Kwa hiyo nimepanga dalili hapa chini kwa mfuatano nilioziona, na kila moja nimeweka neno lililoileta na namna ya kulirekebisha. Tangazo lililotoka baada ya hapo liko mwishoni, zima, ulichukue ulibadilishe upendavyo.

Dalili: dakika tano baada ya kutuma, "semina gani tena?"

Tatizo liko kwenye neno "ile". Pamoja na "tukumbushane", linadai kwamba msomaji tayari anayo habari, nawe unamgusa bega tu. Mimi niliamini wanayo, kwa sababu msimamizi aliitaja kwenye kikao cha asubuhi wiki mbili kabla. Wa zamu ya usiku, kikao hicho kikiendelea, walikuwa wamelala majumbani kwao. Kwao "ile" haikuwapo.

Namna ya kujipima ni rahisi. Chukua ujumbe wako, jiulize: mtu akiniuliza "ile ipi?", ninayo karatasi au ujumbe wa awali wa kumwonyesha, wenye tarehe na mahali? Kama huna, basi hukumbushi. Unatoa taarifa kwa mara ya kwanza, na taarifa ya mara ya kwanza ni tangazo, liandikwe kama tangazo. Kukumbusha kutafuata baadaye.

Mada nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Wapakiaji wawili walisoma neno "huduma" wakadhani ni semina ya huduma kwa wateja, wakaona haiwahusu kwa kuwa wateja hawafiki kwenye maturubai yao. Dereva wa foklifti alijua ni huduma ya kwanza, ila aliamini ni ya wale wanaoshika ufunguo wa sanduku jekundu. Jina la mada halitoshi peke yake. Liongezee sentensi moja inayotaja mtu atakachofanya kwa mikono yake: kuzuia damu kutoka kwenye jeraha, kumhudumia aliyeungua, kumlaza ubavu aliyezimia lakini anapumua, kukandamiza kifua cha asiyepumua. Baada ya sentensi hiyo hakuna anayechanganya na huduma kwa wateja. Kisha taja ni ya nani: "wafanyakazi wote wa ghala, zamu zote mbili, wakiwemo madereva na walinzi". Neno "wote" likiwa peke yake kila mtu hulisoma akiwatazama wenzake.

Dalili: wanakuja, lakini si wakati huo wala pale ulipo wewe

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, kwa sababu Kiswahili chetu cha saa kina mitego ambayo hatuioni mpaka itunase.

Niliandika "saa 2". Mtu anayesema huisikia saa mbili asubuhi, na wengi waliielewa hivyo. Lakini wale vijana wawili walifanya jambo la busara kabisa: waliweka kengele ya simu. Simu zao zinaonyesha saa kwa mtindo wa kizungu, wakabonyeza 2:00, na kwa kuwa saa nane usiku haiingii akilini, wakachagua ya mchana. Ndiyo maana walitokea saa nane mchana, wamechana nywele, wana daftari. Hawakuchelewa kwa uvivu. Tangu siku hiyo naandika zote mbili: saa 2:00 asubuhi (kwenye simu 08:00). Inaonekana kama kurudia, lakini ndiyo sehemu ya tangazo ambayo haijawahi kunirudishia swali.

Mtego wa pili niliutega mwenyewe nilipoandika "ni ya saa nne tu". Nilikusudia muda wake. Watu watatu walisoma kwamba inaanza saa nne, wakaona ile saa 2 ni kosa la kuandika. Kwa Kiswahili "saa nne" ni muda na pia ni wakati, na anayesoma haraka huchukua kinachomfaa. Dawa yake ni kuacha kabisa kutaja urefu, ukaandika mwanzo na mwisho: kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana. Urefu watahesabu wenyewe.

Siku nayo. "Alhamisi" bila tarehe ni ya wiki hii kwa aliyeusoma ujumbe Jumanne. Kwa aliyetumiwa Ijumaa na rafiki yake ni Alhamisi nyingine. Neno "ijayo" linazidisha utata, maana nusu ya watu wanahesabu inayokuja sasa na nusu inayofuata baada ya hiyo. Andika jina la siku pamoja na tarehe, kisha fungua kalenda uhakikishe vinalingana. Ukikosea kimoja, kila mtu atashika kile kinachompa mapumziko.

Kama una zamu ya usiku, ongeza tahadhari moja. Ukiandika "Alhamisi usiku", wapo wazee wetu wa pwani wanaohesabu siku kuanzia magharibi. Kwao usiku wa Alhamisi ni ule unaotangulia mchana wa Alhamisi, ambao wengine wanauita Jumatano usiku. Mlinzi wetu mmoja alinieleza hivyo bila mzaha, na alikuwa sahihi kwa hesabu yake. Andika "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa" na tarehe zote mbili.

Kuhusu mahali, "pale ukumbini" lilikuwa neno la mtu anayejua anachofikiria. Sisi tulikuwa na chumba cha juu ya kantini, ambacho wafanyakazi wa ofisi wanakiita ukumbi, na tulikuwa na banda la wazi nyuma ya ghala ambalo wapakiaji nao wanaliita ukumbi, kwa sababu ndipo sherehe ya mwisho wa mwaka hufanyika. Watu sita walikaa bandani karibu nusu saa wakisubiri, tena wakilalamika kwamba ofisi imechelewa. Ipime sehemu hii kwa kuwaza mfanyakazi aliyeajiriwa juzi: amefika getini, hamjui mtu. Maneno yako yanamfikisha mlangoni? "Chumba cha mikutano, ghorofa ya kwanza juu ya kantini, panda kwa ngazi za upande wa mizani" yanamfikisha.

Dalili: "sikujua kama ni lazima"

Nilikasirika niliposikia hili, kwa kuwa niliandika "ni muhimu sana, tusikose tafadhali". Lakini soma tena. "Tusikose" ni lugha ya mwaliko wa harusi. "Tafadhali" ni lugha ya ombi, na ombi lina haki ya kukataliwa. "Muhimu" tunaliandika kwenye kila kitu mpaka limechakaa. Hakuna mahali niliposema mtu anatakiwa kufika, wala asiyeweza afanye nini, wala kama saa zile zinahesabiwa kazini.

Hilo la mwisho ndilo lililowazuia wengi kuliko uvivu. Wafanyakazi wa zamu ya usiku wanatoka saa 12:00 asubuhi. Mimi nikawaita saa 2:00 asubuhi hiyohiyo. Nilipokaa kuandika masharti ya mahudhurio kwa maneno yaliyonyooka, "wafanyakazi wa zamu ya usiku wanatakiwa kufika saa 2:00 asubuhi baada ya kutoka kazini", sentensi ilinitazama nikaona aibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Na. 6 ya 2004, inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Semina ya lazima ni kazi. Aliyetoka saa 12:00 asubuhi hastahili kuitwa kabla ya saa 12:00 jioni.

Kwa hiyo hapa kosa halikuwa la maneno, lilikuwa la ratiba, na ujumbe wa kirafiki ulikuwa umelificha. Ukiona sharti haliandikiki bila kuumiza, usilipambe. Rudi kwa msimamizi mbadilishe mpango kwanza. Sisi tuligawa semina mara mbili: zamu ya mchana Alhamisi, zamu ya usiku Jumamosi asubuhi, kwa kuwa ghala letu halipakii usiku wa kuamkia Jumamosi. Kwa wiki yao walikuwa na usiku tano wa saa nane nane, yaani saa 40 hata ukihesabu na mapumziko ya chakula. Ukiongeza semina zinakuwa 44, ndani ya zile 45 za kawaida za sheria hiyo. Kama zingezidi, ziada ingelipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na hilo lazima fedha walijue kabla tangazo halijatoka. Kugawa makundi kulisaidia na jambo jingine: mkufunzi alikuja na midoli miwili tu ya kufanyia mazoezi ya kifua, na watu 38 kwa midoli miwili ni foleni ya kituo cha daladala.

Mpango ukishakaa sawa, masharti yenyewe ni machache. Nani anatakiwa. Mwisho wa kupokelewa ni saa ngapi. Anasaini wapi, na mara ngapi. Sisi tunasainisha wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, kwa sababu mwaka mmoja kabla ya hapo kulikuwa na hodari wa kusaini na kuondoka. Mwenye udhuru anamwambia nani, kabla ya lini, na anaingizwa kundi lipi. Mgonjwa na aliye likizo wanaingia kwenye semina inayofuata bila kujieleza zaidi.

Kuhusu asiyefika bila taarifa, jihadhari na "atachukuliwa hatua kali". Kwanza, wewe unayeandika huenda huna mamlaka hayo. Nidhamu kazini ina taratibu zake, na Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, hazikuruhusu kubuni adhabu kwenye karatasi ya ukutani. Pili, watu wameshaisoma sentensi hiyo mara nyingi na hawajaona kitu. Andika kitakachotokea kweli. Kwetu kilikuwa kwamba asiyehudhuria hatapata cheti, na hatapangwa kuwa mhudumu wa kwanza wa zamu, nafasi ambayo ilikuwa na posho kidogo. Sentensi hiyo ilifanya kazi kuliko kitisho chochote.

Dalili: wamefika, lakini hawawezi kufanya mazoezi

"Mje na vifaa." Vifaa gani? Mmoja alikuja na glavu zake za kupakia mizigo. Wengi hawakuja na kitu. Akina mama wanne wa kufungasha walikuja na madera mapya, wamependeza, kwa sababu semina ni shughuli.

Hapa anayeandika anahitaji kumuuliza mkufunzi nini hasa kitafanyika. Kukandamiza kifua kunafanyika umepiga magoti sakafuni, mikono imenyooka, unashuka sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukijua hivyo unajua cha kuandika: suruali, au nguo ndefu isiyobana magoti, na viatu vya kufunika vidole. Usiandike "mavazi ya heshima", maana dera ni vazi la heshima. Taja sababu kwa maneno machache, "mazoezi yanafanyika kwa kupiga magoti", na kila mtu ataamua mwenyewe.

Kitambulisho nacho tulikidharau, kikatuponza kwenye vyeti. Kazini mtu anaitwa Baba Zai, kwenye orodha ya mishahara jina lina herufi moja pungufu, na kwenye kitambulisho cha taifa ndilo lenyewe. Vyeti vitano vilirudi kuchapwa upya. Sasa tunasema wazi: njoo na kitambulisho cha taifa au namba yake, jina la kwenye cheti litatoka hapo.

Na sema ambacho hawahitaji kuleta, pamoja na ambacho hawatapewa. Chai ipo? Chakula cha mchana? Nauli? Usipoandika, swali la nauli litaulizwa kwenye kundi la WhatsApp mbele ya meneja, na kuanzia hapo hakuna anayezungumzia huduma ya kwanza tena.

Tangazo baada ya matengenezo

> TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WA GHALA
>
> Tarehe ya kutolewa: Jumatatu, 4 Mei 2026
>
> YAH: MAFUNZO YA LAZIMA YA HUDUMA YA KWANZA
>
> Wafanyakazi wote wa ghala wa zamu zote mbili, wakiwemo madereva na walinzi, wanatakiwa kuhudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza. Utajifunza kwa vitendo kuzuia damu, kumhudumia aliyeungua, kumlaza aliyezimia na kukandamiza kifua cha asiyepumua.
>
> Lini: Zamu ya mchana ni Alhamisi, 14 Mei 2026. Zamu ya usiku ni Jumamosi, 16 Mei 2026. Siku zote mbili ni kuanzia saa 2:00 asubuhi (kwenye simu 08:00) hadi saa 6:00 mchana (12:00).
>
> Wapi: Chumba cha mikutano, ghorofa ya kwanza juu ya kantini. Panda kwa ngazi za upande wa mizani.
>
> Mahudhurio: Muda wa mafunzo ni muda wa kazi na unalipwa. Utasaini daftari unapoingia na unapotoka. Mlango utafungwa saa 2:15 asubuhi (08:15). Atakayefika baada ya hapo ataingizwa kundi jingine. Mwenye udhuru amweleze msimamizi wa zamu yake kabla ya Jumanne, 12 Mei, saa 10:00 jioni (16:00). Waliougua na walio likizo watapangiwa semina inayofuata. Asiyehudhuria hatapata cheti wala hatapangwa kuwa mhudumu wa kwanza wa zamu.
>
> Njoo na: Kitambulisho cha taifa au namba yake, kwa ajili ya jina la cheti. Vaa suruali au nguo isiyobana magoti, na viatu vya kufunika vidole, kwa kuwa mazoezi yanafanyika kwa kupiga magoti. Kalamu, daftari na glavu vitatolewa. Chai itakuwapo saa 4:00 asubuhi (10:00). Kwa zamu ya usiku, nauli ya Jumamosi itarejeshwa siku hiyohiyo.
>
> Maswali: ofisi ya rasilimali watu, au msimamizi wa zamu yako.
>
> *Afisa Rasilimali Watu*

Dalili: tangazo limetoka vizuri, siku ikabadilika

Mkufunzi akiahirisha, usiandike chini ya lile la zamani "jamani imesogezwa". Picha ya tangazo la kwanza iko kwenye simu za watu na itaendelea kutembea. Toa jipya zima, lenye tarehe mpya ya kutolewa, na mstari wa kwanza useme: tangazo hili linafuta la tarehe 4 Mei 2026. La zamani libanduliwe ubaoni kwa mkono, siku hiyohiyo. Ndiyo sababu tarehe ya kutolewa haikosekani hata kama karatasi ni fupi.

Dalili: "mbona siku hizi unatuandikia kwa ukali?"

Hili nililisikia kwa mpishi wa kantini, na nadhani lilikuwa la wengi. Tangazo lisilo na "jamani" wala salamu linaweza kusomeka kama barua ya onyo. Sikurudisha "tafadhali" kwenye masharti, kwa sababu hapo ndipo ilipotuponza. Niligawa kazi: tangazo likabaki kavu, ubaoni na kwenye kundi, na siku moja kabla ya semina nikatuma ukumbusho kwa sauti yangu ya kawaida. Safari hii "lile" lilikuwa na pa kuelekea:

> Jamani habari za jioni. Tukumbushane, kesho Alhamisi 14 Mei ni zamu ya mchana kwenye huduma ya kwanza, saa 2:00 asubuhi (08:00), juu ya kantini. Mengine yote yako kwenye lile tangazo la tarehe 4, nimelibandika juu kabisa ya kundi. Kitambulisho tusisahau. Baba Zai, na wewe 🙏